Mtu mmoja akicheza bao na nafsi yake: kumrudia mtu katika picha bila vivuli kukusaliti

Picha ya mtu aliyeketi akijitazama mwenyewe ni rahisi kuipata kwa nusu saa, na ni rahisi vilevile kuitambua kuwa ni ya kubandika. Kinachoisaliti mara nyingi si ukingo wa mwili uliokatwa vibaya. Ni kivuli: kimoja kimelala juu ya kingine kikawa cheusi mara mbili, au mtu kaketi mahali ambapo kivuli cha mwenzake kilipaswa kumpiga gotini, na goti lake linang'aa kana kwamba yule mwingine hayupo. Mwongozo huu unaifuata picha moja tu tangu kutega kamera hadi kuhifadhi faili, na nimechagua kwa makusudi picha ambayo vivuli vyake vinagongana. Ukiiweza hii, zile za watu waliosimama mbalimbali hazitakusumbua.

Picha yenyewe ni hii. Uani kuna mkeka, juu yake ubao wa bao. Mtu mmoja kavaa kanzu na kofia, anacheza dhidi ya nafsi yake. Yule wa kushoto tumwite Kushoto, kaipa jua mgongo. Yule wa kulia, tumwite Kulia, anatazamana na jua na mwenziwe. Kamera iko pembeni, inawaona wote wawili ubavuni. Jua la alasiri linatoka kushoto, kwa upande wa mbali na kamera kidogo, hivyo vivuli vinaanguka kuelekea kulia na mbele. Kivuli cha Kushoto kinapita juu ya ubao, kinampanda Kulia kwenye goti lililo upande wa kamera, kisha kipande chake kinamwagika mkekani na kukutana na kivuli cha Kulia mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi.

Kwanza, saa na jua

Mchana wa saa sita haufai. Vivuli ni vifupi, vinajikunja chini ya mtu, na picha haina umbo. Jua likishuka sana nalo linaleta shida nyingine: linakimbia. Chukua mfano wa Dar es Salaam mwezi Juni. Mnamo saa kumi na dakika kumi alasiri jua liko karibu nyuzi 28 juu ya upeo, upande wa kaskazini-magharibi. Mtu aliyeketi mkekani, ambaye kichwa chake kiko sentimita 85 kutoka chini, anatoa kivuli cha mita 1.6 hivi. Baada ya dakika nne ncha ya kivuli hicho imesogea sentimita tano au sita. Baada ya dakika kumi imesogea karibu sentimita 15, na pia imegeuka mwelekeo kidogo.

Maana yake ni kwamba una kama dakika tano za kupiga fremu zote. Si kwamba picha itaharibika ikifika dakika ya sita, ila ukichelewa robo saa, kivuli cha Kushoto kitakuwa cha jua moja na cha Kulia cha jua jingine, na jicho la mtazamaji litahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Kwa hiyo mipango yote ifanyike kabla: nani ataketi wapi, mkono gani utakuwa juu ya ubao, nani atasaidia. Jua likifika pale unapolitaka, kazi ni kupiga tu.

Angalia mbingu pia. Wingu dogo likilipitia jua kati ya fremu ya kwanza na ya tatu, rangi na ukali wa vivuli vinabadilika. Afadhali usubiri lipite, uanze upya.

Kufunga kila kitu kisiende

Kamera iwe juu ya tripodi, chini, karibu usawa wa kidevu cha mtu aliyeketi, yaani kama sentimita 60 hadi 70 kutoka ardhini. Usiinue nguzo ya katikati. Ning'iniza begi kwenye tripodi ili itulie, na kama lenzi ina kitufe cha kuzuia mtikisiko, kizime, kwa sababu juu ya tripodi mfumo huo unaweza kuisogeza picha kidogo kati ya fremu na fremu.

Weka kamera kwenye hali ya mkono kabisa. Kwa jua la saa hizo anza na ISO 100, f/8, na 1/200 ya sekunde, kisha rekebisha ukitazama kanzu: mikunjo yake upande wa jua ionekane, isiwe nyeupe tupu. Kanzu ikiungua kwenye fremu moja, hakuna leya itakayoirudisha. Rangi ya mwanga ifungwe kwenye alama ya jua, wala usiiachie kamera ijichagulie. Fokasi ielekezwe kwenye ubao, kisha izimwe isijitafute tena. Piga RAW ikiwezekana. Fupisha kazi kwa rimoti au kwa kumpa mtu mwingine kazi ya kubonyeza.

Wa simu nao wanaweza. Weka simu kwenye kishikio imara, tumia hali ya kitaalamu ya kamera yake, funga ISO, kasi na fokasi, na uzime HDR. HDR ni adui hapa, maana huamua upya kila mara kivuli kiangazwe kiasi gani, na wewe unataka vivuli vya fremu zote vipimwe kwa kipimo kimoja.

Halafu kuna mkeka. Watu huifunga kamera barabara, wakasahau kwamba mtu akiinuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili anaukokota mkeka kwa kisigino. Ubandike chini kwa tepu katika pembe nne, na mpangie mchezaji njia ya kupita kwa nyuma, nje ya mkeka. Ubao usiguswe. Kete zipangwe kama mchezo umeshafika hatua ya mtaji, ili kete zote 64 ziwe ubaoni na kusiwe na akiba mikononi. Kama unataka mchezaji mmoja awe ameshika kete, ziondoe kwenye shimo moja kabla ya fremu ya kwanza, na shimo hilo libaki tupu hadi mwisho. Mashabiki wa bao ni wengi na watazihesabu.

Pozi mbili zisizofanana, lakini zinazojibizana

Kosa la kawaida ni mtu kuketi namna ileile pande zote mbili, kisha akabadilisha tabasamu tu. Picha inakuwa kama kioo. Jingine ni kupiga upande mmoja na kuigeuza picha kwenye kompyuta ili apatikane wa pili. Hilo usilifanye kamwe kwenye picha yenye jua. Ukimgeuza mtu, mwanga wa usoni mwake nao umegeuka, kivuli chake kinaelekea linakotoka jua, na vifungo vya kanzu na mkono anaoutumia vimehama upande.

Pozi zitofautiane kwa uzito wa mwili kwanza, uso baadaye. Kushoto ameinama mbele, uzito uko juu ya goti, mkono wa kulia uko juu ya mashimo unadondosha kete. Kulia ameegemea nyuma kidogo, mkono mmoja umeshika mkeka nyuma yake, mwingine uko kidevuni. Huyu anatenda, yule anangoja na kuhesabu. Uhusiano huo ndio unaomfanya mtazamaji aamini kuna watu wawili. Mavazi yabadilike kwa kitu kinachovaliwa kwa sekunde kumi: Kushoto avae koti juu ya kanzu, Kulia abaki na kanzu peke yake. Kubadilisha nguo zote kutakula zile dakika tano.

Macho yanahitaji kazi yake. Mtu akiambiwa amtazame mwenzake asiyekuwepo, hutazama mbali mno, macho yakapita juu ya kichwa cha yule atakayewekwa baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mketishe mchezaji upande wa Kushoto katika pozi lake la kuinama, simamisha fito karibu naye na uitie tepu kwenye usawa wa macho yake. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa Kulia. Kichwa kilichoinama kiko chini kuliko kilichoegemea nyuma, mara nyingi kwa sentimita kumi na zaidi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokosewa. Katika picha yetu Kushoto anatazama ubao, kwa hiyo ni Kulia tu anayehitaji alama: anamtazama Kushoto usoni. Msaidizi akishaketi, kama tutakavyoona, macho yake yanatosha kuwa alama, mradi naye ameinama kwa kipimo kile.

Umbali kati yao pia uamuliwe sasa. Vifua viwili vikiwa mita 1.1 hivi, mkono wa Kushoto haufiki mwilini mwa Kulia, na hiyo ni rahisi. Miili ikipishana mbele ya kamera, lazima ujue nani yuko mbele, na ukingo wa huyo ndio utakaoukata kwa uangalifu. Kugusana, kama mkono juu ya bega, kunahitaji mkono wa msaidizi uwepo kweli begani ili nguo ibonyee. Hilo tuliache kwa leo.

Wapiga picha wa Kiyoruba huko Nigeria walikuwa na sababu nzito zaidi ya kumrudia mtu: pacha mmoja akifariki, walimpiga aliyebaki mara mbili na kuzichapa pamoja, ili mapacha waonekane wote. Mara nyingi pozi lilikuwa lilelile pande zote mbili, na ilifaa, kwa kuwa mapacha hutarajiwa kufanana. Sisi hapa hatuna udhuru huo.

Fremu za kupiga, na kwa nini kuna msaidizi

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Kivuli cha mtu kinapoanguka chini, kinapatikana kwa kumpiga mtu huyo peke yake. Lakini kivuli cha Kushoto kinachompanda Kulia gotini hakipo kwenye fremu yoyote ya mtu mmoja. Kushoto alipokuwa pale, hakukuwa na goti la kupokea kivuli. Kulia alipokuja, mwenye kivuli alikuwa ameshaondoka. Kitu hicho ama ukipige kweli, ama ukichore baadaye, na kukichora kwenye mikunjo ya kanzu ni kazi ngumu.

Kwa hiyo mtafute mtu wa kuketi badala. Asiwe mnene kuliko mchezaji, avae kofia ya umbo lilelile, na juu awe na kanzu au shuka jeupe. Fremu zifuate mpangilio huu:

1. Mahali patupu: mkeka, ubao, bila mtu.
2. Kushoto peke yake, katika pozi lake.
3. Kushoto vilevile, asitikisike, na msaidizi ameketi mahali pa Kulia.
4. Msaidizi anahamia mahali pa Kushoto, anainama vilevile. Mchezaji anavua koti, anaketi mahali pa Kulia. Piga.
5. Msaidizi anaondoka. Kulia peke yake, asitikisike.
6. Patupu tena.

Fremu ya nne inaleta kivuli halisi gotini mwa Kulia. Fremu ya tatu wengi hawaioni haja yake, nami naona ndiyo inayotenganisha picha nzuri na ya kubahatisha. Kushoto kaipa jua mgongo, kwa hiyo uso na kifua chake viko kivulini. Mbele yake, zaidi kidogo ya mita moja, kuna mtu mwenye kanzu nyeupe inayopigwa na jua. Kanzu hiyo inarudisha mwanga, na mwanga huo unamgusa Kushoto kidevuni, kifuani na chini ya ukingo wa kofia. Ukimpiga peke yake, mwanga huo haupo, na uso wake unakuwa mweusi kupita kiasi. Msaidizi mwenye shuka jeupe anaurudisha.

Fremu ya sita ni kipimo. Ukiilinganisha na ya kwanza utaona jua na kamera vimesogea kiasi gani.

Ukikosa mtu wa kusaidia, jaza gunia nguo, liinamishe, livishe kofia. Kivuli cha goti hakihitaji sura. Kinahitaji bega na kichwa mahali pake. Upande wa Kulia, kiti kilichofunikwa shuka jeupe kitarudisha mwanga vizuri tu.

Kupanga leya

Natumia GIMP kwa kuwa haina malipo, lakini mpangilio ni uleule kwenye programu nyingine. Badili faili zote za RAW kwa mipangilio ile ile, halafu zifungue pamoja kwa `File > Open as Layers`. Zipange hivi kutoka chini kwenda juu:

- fremu 1, patupu, hali ya `Normal`
- fremu 2, kivuli cha Kushoto, hali ya `Darken only`
- fremu 5, kivuli cha Kulia, hali ya `Darken only`
- fremu 4, mwili wa Kulia, hali ya `Normal`, yenye maski nyeusi
- fremu 3, mwili wa Kushoto, hali ya `Normal`, yenye maski nyeusi

Kabla ya chochote, hakikisha fremu zimelalana. Zima leya zote isipokuwa ya chini na ya pili, kisha ibadilishe ya pili iwe `Difference`. Kila kinachofanana kinakuwa cheusi. Unapaswa kuona mwili na kivuli tu vikielea gizani. Kingo za ubao zikionekana kama mistari miembamba, kamera au ubao umesogea. Ikiwa mistari iko ukingoni mwa mkeka tu, ni mkeka. Mahali hapohapo ona kivuli kinafika wapi, maana kipande chake hafifu cha mwisho ni rahisi kukikata bila kujua. Kisha rudisha `Darken only`.

Sasa maski za miili. Kwa brashi nyeupe yenye ukingo laini kidogo, mfichue Kulia kwenye leya ya fremu 4, pamoja na kivuli kilicho gotini na pajani mwake. Mfichue Kushoto kwenye leya ya fremu 3. Mwilini ukingo wa brashi uwe mkali kiasi cha ukali wa picha yenyewe, kama pikseli mbili au tatu. Chini, pale kanzu inapokutana na mkeka, acha ukingo mwembamba wa giza uingie pamoja na mwili. Giza hilo la mguso ndilo linalomfanya mtu aonekane ameketi kweli.

Kwenye leya mbili za vivuli, ongeza maski nyeupe, uifute miili kwa brashi nyeusi. Hata mtu akijitahidi, hukaa tofauti kwa milimita chache kati ya fremu mbili, na nywele au mkunjo wa koti la fremu 2 utachungulia nyuma ya mwili wa fremu 3 kama uzi mweusi. Futa pia kila kilicho mbali na kivuli, maana `Darken only` huchagua pikseli nyeusi zaidi kila mahali, na chembechembe za picha zikichaguliwa hivyo mara tatu zinaufanya mkeka wote uingie giza kidogo.

Kwa nini miili isipitie `Darken only` pia, tukaokoa muda? Kwa sababu kanzu ni nyeupe kuliko mkeka. Hali hiyo ingechagua mkeka, na mchezaji angekuwa mzimu.

Pale vivuli viwili vinapolalana

Tazama sasa mkekani mbele ya goti la Kulia. Kivuli cha bega la Kushoto na kivuli cha goti la Kulia vinaingiliana. Wengi hapa huchagua `Multiply`, kwa kuwa jina lake linajulikana kwa kazi za vivuli, na ndipo picha inapoharibika.

Fikiria kinachotokea. Jua ni moja. Kushoto akishalizuia lisifike mahali fulani mkekani, Kulia hana jua la kulizuia tena hapo. Kilichobaki ni mwanga wa mbingu na wa kuta. Kivuli juu ya kivuli, chini ya jua moja kali, kinabaki kivuli kimoja. Tuseme mkeka juani unasoma 180 kwa kidonoa rangi, kivuli cha Kushoto 70, cha Kulia 68. `Darken only` inachagua 68 mahali vinapolalana. Ukizidisha picha hizo mbili kwa kawaida ya nambari za 0 hadi 255, unapata 70 × 68 ÷ 255, yaani 19, karibu weusi tupu. Hata mkeka ulio juani unashuka hadi 127. Doa jeusi lenye umbo la majani mawili yaliyopishana ni alama ya wazi kwamba picha imeunganishwa.

Lakini 68 nayo si jibu kamili. Miili miwili inaficha sehemu kubwa zaidi ya mbingu kuliko mmoja, kwa hiyo mpishano halisi huwa mweusi kidogo zaidi, hasa karibu na goti. Baada ya `Darken only`, fungua leya mpya ya `Multiply` yenye kijivu hafifu, na kwa brashi kubwa laini shusha mpishano kwa nukta chache tu, tuseme hadi 62, ukififisha kadiri unavyoondoka mwilini. Kazi hii ifanywe kwa mkono mwepesi. Ukiiona waziwazi, umezidisha.

Tazama pia mstari wa mpishano. Kingo za vivuli vya jua hazina ukali mmoja. Jua lina upana wa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo kivuli hufifia ukingoni kwa karibu milimita 9 kwa kila mita kutoka kitu kinachokitoa. Kivuli cha goti la Kulia, kilichoanza hapohapo, kina ukingo mkali. Cha kichwa cha Kushoto kimesafiri mita 1.8 na ukingo wake una ukungu wa karibu sentimita mbili. `Darken only` inauhifadhi ukungu huo kama ulivyo, ila pale kingo mbili zenye ukungu zinapokatana huacha kijishipi cheupe chembamba. Kikionekana, kipitie kwa brashi laini ya ile leya ya `Multiply`.

Kivuli kinapovuka kutoka ubaoni kwenda gotini

Kivuli cha ubaoni kinatoka fremu 2, ambapo mwenye kukitoa ni mchezaji. Kile cha gotini kinatoka fremu 4, ambapo ni msaidizi. Havitaungana kwa usahihi kamili, wala si lazima. Ubao una kina chake, goti liko juu zaidi, na kivuli kinachovuka kati ya nyuso mbili zenye kimo tofauti huruka mahali hata katika hali ya kawaida. Muhimu ni mwelekeo. Chora mstari kwa jicho kutoka bega la Kushoto hadi mwanzo wa kivuli gotini. Mstari huo uende sambamba na ule unaotoka kwenye kona ya ubao hadi kivuli cha kona hiyo mkekani, ukizingatia kwamba vya mbali huonekana vimesongana kidogo. Ukipinda waziwazi, msaidizi aliketi vibaya, na afadhali kivuli cha gotini kisogezwe au kichorwe.

Ukilazimika kukichora, usitumie weusi. Nakili mwili wa Kulia, na kwa `Colors > Curves` ushushe nakala hiyo mpaka kanzu yake iliyo juani ilingane na kanzu hiyohiyo mahali ambapo tayari iko kivulini, kwa mfano ubavuni au chini ya mkono. Kivuli cha nje huwa na ubuluu kidogo kwa sababu kinaangazwa na mbingu, kwa hiyo chaneli nyekundu ishuke zaidi ya ile ya buluu. Ifunike kwa maski nyeusi, kisha ufichue umbo la bega kwa brashi, ukipindisha ukingo kila unapovuka mkunjo wa nguo. Upana wa ukungu upime kwenye kivuli cha ubaoni kilicho karibu, usiukisie.

Ukipiga mahali pasipo jua moja

Kanuni ya `Darken only` ni ya jua peke yake, au taa moja kali. Chini ya wingu zito hakuna kivuli chenye ukingo. Kuna giza laini chini ya kila mtu, na giza mbili hizo zinazidishana kweli. Hapo hesabu ni A × B ÷ E, A na B zikiwa fremu za mtu mmojammoja na E ikiwa patupu. Kwenye GIMP badili kwanza `Image > Precision` iwe 32 bit floating point, weka A chini, E juu yake kwa `Divide`, na B juu kabisa kwa `Multiply`, yote ndani ya kundi moja la leya. Kugawa kwa patupu ndiko kunakozuia mkeka usipungue mwanga mara mbili.

Chumbani penye taa mbili mambo ni mengine. Kushoto anazuia taa ya dirishani, Kulia anazuia ya darini, na mahali vivuli vinapolalana taa zote mbili zimezuiwa, kwa hiyo pawe peusi zaidi kuliko kila kimoja peke yake. Mwanga hujumlishwa, basi na upungufu wake unajumlishwa: A + B − E, kwa nambari za mwanga halisi, si zile zilizopindwa kwa ajili ya skrini. Lakini vivuli viwili vya taa ileile hapohapo chumbani vinarudi kwenye `Darken only`. Ndiyo maana chumbani nazima taa zote isipokuwa moja.

Kukagua kabla ya kuhifadhi

Igeuze picha nzima kushoto kulia kwa `Image > Transform` na uitazame upya. Jicho lililoizoea huona kasoro lilizokuwa likizipita. Kisha ikuze hadi 200% na uzunguke kingo za miili, chini ya mapaja, na kati ya vidole vya mkono ulio juu ya kete, ambako mara nyingi rangi ya mkeka wa fremu nyingine hubaki. Unda leya ya muda kwa `New from Visible` kwenye menyu ya `Layer`, na juu yake ongeza mwanga wa vivuli kupita kiasi kwa `Curves`: mishono iliyofichika gizani itajitokeza yote kwa pamoja. Rekebisha, futa leya hiyo, irudishe picha upande wake. Mwisho hifadhi faili la `.xcf` lenye leya zote kabla ya kutoa JPEG, maana mpishano wa vivuli hutazamwa tofauti kwenye skrini ya simu, na huenda ukataka kuulainisha tena kesho.